Pesa ya kodi ya kijani irudi kwa njia ipi? Kulinganisha Ujerumani, British Columbia na Uswisi

Waswahili tunasema mshika mbili moja humponyoka, lakini hoja ya kodi ya kijani inadai kwamba zote mbili zinashikika. Toza uchafuzi, hewa itakuwa safi. Kisha chukua pesa uliyokusanya, upunguze makato ya mishahara, na kazi zitaongezeka. Mwaka 1991 mchumi Mwingereza David Pearce aliipa hoja hii jina ambalo kwa Kiswahili twaweza kuliita gawio maradufu, ingawa wazo lenyewe Gordon Tullock alikuwa ameshaligusa mwaka 1967.

Mimi naandaa orodha za mishahara, na ni miaka mingi sasa, kwa hiyo kilichonivuta ni lile gawio la pili. Kila mwisho wa mwezi naona namba mbili zisizolingana: anachotoa mwajiri na kinachofika mkononi mwa mfanyakazi. Katikati kuna pengo. Pengo likiwa pana, kuna kazi ambayo mwajiri angependa ifanyike na mtu angependa kuifanya, lakini haifanyiki kwa sababu wawili hao hawakutani kwenye bei. Hasara hiyo haimnufaishi hata serikali, maana kazi isiyofanyika haikatwi kodi. Tena hasara inakua haraka kuliko kodi yenyewe: kiwango cha kodi kikiongezeka mara mbili, hasara huongezeka karibu mara nne. Ndiyo maana swali la kwanza si kodi ya kijani iwe kubwa kiasi gani. Swali ni kodi ipi itapunguzwa, na ilikuwa inaumiza kiasi gani kabla ya kuguswa.

Nchi zilizojaribu zilipita njia tofauti, na tatu ndizo zinazofaa kuwekwa mbele ya mtu anayetaka kuchagua. Ujerumani ilipunguza michango ya pensheni inayokatwa kwenye mishahara. Jimbo la British Columbia, huko Kanada, lilipunguza kodi ya mapato ya watu na ya kampuni. Uswisi, kwa sehemu kubwa, iliamua kurudisha pesa sawasawa kwa kila mkazi, awe ana kazi au hana.

Ujerumani: pampu inalipia pensheni

Mwishoni mwa miaka ya tisini Ujerumani ilikuwa na tatizo ambalo hoja hii ni kama ilitungwa kwa ajili yake. Michango ya pensheni, afya, matunzo ya wazee na ukosefu wa ajira, ukijumlisha ya mwajiri na ya mfanyakazi, ilikuwa imepita asilimia 40 ya mshahara. Pengo lilikuwa pana kwelikweli. Serikali ya Gerhard Schröder, chama chake cha SPD kikiwa na chama cha Kijani, ikapitisha mageuzi ya kodi yaliyoanza tarehe 1 Aprili 1999.

Mafuta ya magari yaliongezewa feni 6 kwa lita, yaani kama senti 3.07 za euro, na nyongeza hiyo ikarudiwa kila mwaka hadi 2003. Umeme ulitozwa kodi mpya ya feni 2 kwa uniti, sawa na senti 1.02, na gesi ya kupashia nyumba joto ikaongezewa feni 0.32 kwa uniti. Sehemu kubwa ya pesa iliyopatikana ilipelekwa kwenye mfuko wa pensheni. Kiwango cha mchango kikashuka siku hiyohiyo kutoka asilimia 20.3 hadi 19.5, nusu akilipa mwajiri na nusu mfanyakazi.

Hebu tuingie kwenye karatasi ya mshahara ya mtu mmoja. Tuchukue mfanyakazi wa mfano anayepata euro 2,000 kwa mwezi. Kabla ya mageuzi alikatwa asilimia 10.15 kwa ajili ya pensheni, ambayo ni euro 203. Baada ya mageuzi anakatwa asilimia 9.75, yaani euro 195. Amebaki na euro 8 zaidi. Mwajiri wake naye amepata nafuu ya euro 8 kwa mfanyakazi huyohuyo.

Sasa tumfuate nyumbani. Anaendesha kilomita 1,000 kwa mwezi kwa gari linalokunywa lita 8 kila kilomita 100, kwa hiyo ananunua lita 80, na kodi mpya inamgharimu euro 2.46. Anatumia uniti 250 za umeme, euro 2.55. Nyumba yake inapashwa joto kwa gesi, wastani wa uniti 1,250 kwa mwezi, na hapo zinaondoka kama euro 2.05. Jumla inafika euro 7 na senti chache. Ongeza kodi ya ongezeko la thamani, ambayo wakati huo ilikuwa asilimia 16 na inatozwa juu ya kodi hizo pia, unapata karibu euro 8.20. Zile euro 8 zote zimeishia kwenye pampu na mita.

Hesabu hii ndogo ndiyo kiini cha ubishi wote. Mtu hafanyi kazi kwa ajili ya namba iliyoandikwa kwenye karatasi ya mshahara. Anafanya kazi kwa ajili ya kile ambacho mshahara unaweza kununua. Kodi ya petroli na umeme inapunguza uwezo wa mshahara wa kununua, kwa hiyo nayo ni kodi ya kazi, ila imeingilia mlango wa nyuma. Lans Bovenberg na Ruud de Mooij wa Uholanzi waliliweka jambo hili kwa hesabu kali mwaka 1994. Walionyesha kwamba katika uchumi wa kawaida, ambamo karibu kila mlipaji ni mfanyakazi, kuhamisha kodi kutoka kwenye mshahara kwenda kwenye uchafuzi kunaweza hata kupunguza kazi kidogo badala ya kuziongeza. Sababu ni kwamba kodi ya uchafuzi inakaa juu ya vitu vichache, na watu wanavikimbia. Inabidi iwe nzito zaidi ili ikusanye kiasi kilekile.

Je, hoja imekufa hapo? Hapana, ila inabidi ipunguze sauti. Mmarekani Lawrence Goulder, mwaka 1995, aliitenganisha katika madai kadhaa, na mawili kati yake yanamsaidia sana anayechagua. Dai jepesi linasema: ukishaamua kutoza kodi ya kijani, ni nafuu kwa uchumi kutumia pesa yake kupunguza kodi inayoumiza kuliko kuigawa tu. Dai hilo linasimama karibu kila mahali. Dai zito linasema mabadilishano yote hayana gharama yoyote, hata kabla hujahesabu hewa safi. Hilo linasimama pale tu mfumo wa kodi uliokuwepo ulipokuwa na kasoro kubwa, au pale mzigo wa kodi mpya unapobebwa kwa sehemu na watu ambao hawakuwa wakibeba ule wa zamani. Nimewasikia wanasiasa wakitoa ushahidi wa dai jepesi kisha wakiuza dai zito. Ukisikia mtu anasema kodi ya kijani "inajilipia yenyewe", muulize anazungumzia lipi kati ya hayo mawili.

Rudi kwa mfanyakazi wetu. Euro 8 zake zimepotea, lakini za mwajiri zipo. Kwa sababu Ujerumani ilikuwa na ukosefu mkubwa wa ajira na mishahara inayopangwa kwa mikataba, nafuu ya mwajiri ilikuwa na nafasi nzuri ya kugeuka kuwa ajira, tofauti na nchi ambayo kila anayetaka kazi ameshaipata. Isitoshe, sehemu ya kodi ilibebwa na watu wasio na mshahara wa kukatwa: wastaafu, wanafunzi, watu wanaoishi kwa kupangisha nyumba zao. Hapo ndipo gawio la pili lilipotoka, na hapo hapo ndipo lawama ilipotoka. Bibi mstaafu alilipa gesi ghali zaidi na hakuwa na mchango wowote wa kupunguziwa.

Matokeo? Makadirio ya kimodeli yalisema kufikia 2003 kiwango cha pensheni kilikuwa chini kwa asilimia 1.7 ya mshahara kuliko ambavyo kingekuwa bila mageuzi, na yakataja hadi ajira 250,000 za ziada. Zingatia neno hilo, makadirio. Hakuna aliyezihesabu ajira hizo getini mwa kiwanda, na mwanzoni mwa 2005 watu wasio na kazi Ujerumani walipita milioni tano kwa sababu nyingine kubwa zaidi. Mauzo ya petroli yalishuka, ingawa sehemu ya upungufu huo ni madereva waliohamia dizeli au waliovuka mpaka kwenda kujaza tangi Luksemburgi. Upande wa mazingira ulikuwa na tundu la wazi pia: viwanda vilipewa viwango vya punguzo kubwa, na makaa ya mawe, mafuta machafu kuliko yote, hayakuguswa. Kodi ya kijani inayoyaacha makaa inapoteza gawio la kwanza kabla ya kufika kwenye la pili.

British Columbia: waziri anaweka mshahara wake rehani

Tarehe 1 Julai 2008 British Columbia ilianza kutoza dola 10 za Kanada kwa kila tani ya kaboni, ikipanda dola 5 kila mwaka hadi 30 mwaka 2012. Kwenye petroli, dola 30 kwa tani ni kama senti 7 kwa lita. Kodi ya mapato kwenye madaraja mawili ya chini ilipunguzwa kwa asilimia 5 ya kiwango chake, kodi ya kampuni ikashushwa kutoka asilimia 12 hadi 10, na familia za kipato cha chini zikapewa malipo ya moja kwa moja ya dola 100 kwa mtu mzima na 30 kwa mtoto kwa mwaka, ambayo baadaye yaliongezwa.

Kinachonifurahisha hapa ni namna ahadi ilivyofungwa. Sheria ilimtaka waziri wa fedha aonyeshe kila mwaka jinsi pesa yote inavyorudi, na akishindwa, mshahara wake mwenyewe ukatwe asilimia 15. Ujerumani haikuwa na kitu cha namna hiyo. Kwa miaka kadhaa jimbo lilirudisha zaidi ya lilichokusanya.

Kwa upande wa kazi, Akio Yamazaki alichapisha mwaka 2017 uchunguzi uliokuta ajira kwa jumla ziliongezeka kidogo, huku zikihama kutoka viwanda vinavyochoma nishati nyingi, kama vya kemikali, kwenda kwenye huduma. Mwaka mmoja baadaye Chi Man Yip alikuta upande mwingine wa sarafu: ukosefu wa kazi ulipanda, na walioumia zaidi ni wenye elimu ndogo. Kwangu mimi matokeo hayo mawili si lazima yagombane. Kazi inayohama haimchukui kila mtu, na aliyezoea tanuri la kiwanda hawi karani wa benki kwa sababu kodi ya mapato imeshuka.

Ukilinganisha na Ujerumani, pengo la kuzibwa British Columbia lilikuwa dogo. Kiwango cha kodi ya jimbo kwenye daraja la chini kabisa kilikuwa kama asilimia 5 tu. Kupunguza kitu chepesi kunaleta nafuu nyepesi. Punguzo la kodi ya kampuni ndilo wachumi wengi wangelipa alama za juu kwa ukuaji, lakini ndilo gumu zaidi kumweleza mtu anayesimama kwenye pampu.

Na mambo yalivyoharibika yanafundisha. Kuanzia 2012 kodi ilikwama kwenye dola 30 kwa miaka sita. Katika kipindi hicho serikali ilianza kuingiza kwenye hesabu ya "pesa iliyorudi" nafuu ambazo hazikuzaliwa na kodi hii, zikiwemo za watengeneza filamu. Hiyo ndiyo dalili ya kuangalia popote: orodha ya marejesho ikianza kujaa vitu ambavyo vingekuwepo hata bila kodi ya kijani, mabadilishano yameshakufa, limebaki jina. Sharti la kurudisha pesa yote liliondolewa mwaka 2017, na tarehe 1 Aprili 2025 jimbo likaifuta kabisa kodi ya kaboni kwa watumiaji wa kawaida.

Uswisi: sawa kwa wote

Hapa sihitaji maneno mengi. Tangu 2008 Uswisi inatoza kaboni kwenye mafuta ya kupashia joto, na karibu theluthi mbili ya mapato inarudi. Sehemu ya kampuni inagawanywa kulingana na jumla ya mishahara zinayolipa, ambayo ni chembe ya gawio maradufu. Sehemu ya wananchi inagawanywa sawasawa kwa kila kichwa, na inakuja kama punguzo kwenye bili ya bima ya afya.

Kwa kipimo cha Goulder, mgawo wa sawa kwa wote unapoteza gawio la pili, maana mtu anapata pesa ileile akifanya kazi au asipofanya. Kwa kipimo cha haki unashinda, kwa sababu maskini huchoma mafuta machache kuliko tajiri lakini wote wanarudishiwa kiasi kimoja. Udhaifu wake ni wa macho: pesa chache zilizofichwa ndani ya bili ya bima hazionekani, na faida isiyoonekana haina mtetezi.

Kabla ya kuchagua, angalia nani yumo kwenye orodha ya mishahara

Njia zote mbili za kwanza zina sharti ambalo Ulaya na Kanada halisemwi kwa sauti kwa sababu linatimia lenyewe: wafanyakazi karibu wote wako kwenye orodha rasmi ya mishahara. Kwetu sivyo.

Bajeti ya Tanzania ya 2023/24 ilifanya mambo mawili kwa pamoja. Iliongeza shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli, na ikapunguza tozo ya kuendeleza ufundi stadi, ile anayolipa mwajiri juu ya mishahara, kutoka asilimia 4 hadi 3.5. Haikuitwa gawio maradufu, na shilingi 100 zilitengwa kwa ajili ya miradi ya kimkakati. Lakini ukiyatazama mawili hayo pamoja, umbo ni lilelile: mafuta juu, makato ya ajira chini. Inafaa kulipigia hesabu.

Kampuni yenye wafanyakazi 20 wanaolipwa wastani wa shilingi 600,000 ina mishahara ya milioni 12 kwa mwezi. Nusu ya asilimia moja ni shilingi 60,000. Pesa hiyo haiajiri mtu wa ishirini na moja. Na mwajiri mwenye watu chini ya kumi hakuwa akilipa tozo hiyo, kwa hiyo hakupata kitu.

Upande wa pili, nilimuuliza dereva wa bodaboda anayenichukua asubuhi. Nilianza kwa kumwambia kwamba shilingi mia siyo nyingi.

"Kwa lita moja siyo nyingi, mzee wangu," alinijibu. "Ila mimi sinunui lita moja."

Anajaza kama lita nne kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Hizo ni lita 104, na shilingi 10,400. Hana mwajiri, hana karatasi ya mshahara, hakuna tozo ya kupunguziwa. Yeye ni yule bibi mstaafu wa Ujerumani, ila huku kwetu watu kama yeye ndio wengi.

Kuna hoja ya upande wa pili ninayoiheshimu. Antonio Bento na wenzake walionyesha mwaka 2018 kwamba nchi yenye sekta kubwa isiyo rasmi inaweza kupata gawio la pili kubwa zaidi kuliko Ulaya. Sababu ni kwamba kodi ya mafuta inamfikia hata asiyelipa kodi ya mapato, akiwemo mwenye nyumba kumi za kupangisha na magari mawili, huku punguzo la makato likifanya ajira rasmi iwe nafuu na kuvuta watu waingie. Kwa ufanisi wa uchumi, naona wako sahihi. Lakini mwenye nyumba kumi na dereva wa bodaboda wanakamatwa na wavu mmoja, na nafuu inamfikia wa tatu kabisa, mwenye kampuni.

Kenya, mwaka 2024, ilionyesha hali ambayo hata haifiki kwenye ulinganisho huu. Muswada wa Fedha ulikuja na tozo ya mazingira huku mishahara ikiwa tayari imeongezewa makato ya nyumba, na hakuna kiwango cha kodi ya mishahara kilichopendekezwa kushuka badala yake. Muswada uliondolewa mwezi Juni baada ya maandamano. Tozo ya kijani isiyo na kitu cha kushusha upande wa pili ni kodi tu, na watu waliisoma hivyo.

Kwa hiyo ningechagua namna hii. Nchi yenye makato mazito ya mishahara, ukosefu wa ajira, na watu karibu wote kwenye ajira rasmi: njia ya Ujerumani, punguzo lielekezwe kwa mwajiri wa watu wa kipato cha chini, na makaa yasisamehewe. Nchi yenye kodi nyepesi za mishahara: usitegemee gawio la pili, pima kodi kwa hewa itakayosafisha, na chukua kifungu cha mshahara wa waziri kutoka British Columbia.

Kwa Tanzania nisingeweka pesa yote kwenye kapu moja. Sehemu ingeenda kwenye tozo ya ufundi stadi, lakini kwa kishindo, kuiondoa kabisa kwa mfanyakazi wa mshahara mdogo badala ya kuinyofoa nusu asilimia kwa kila mtu, ili mwajiri wa watu kumi na wawili aone sababu ya kuwaandika wote. Sehemu nyingine ningeirudisha mahali ambapo mtu asiye na mwajiri anaiona, na ningeanza na simu, kwa sababu ndiyo karatasi ya mshahara ya dereva wangu. Ujumbe uingie kila mwezi ukitaja kiasi na ukitaja kimetoka kwenye kodi ipi. Shilingi 10,400 zake zote hazitarudi. Akirudishiwa zote kwa sababu ananunua mafuta mengi, kodi haina maana tena. Kinachotakiwa ni apate kiasi kilekile anachopata mwenzake wa pikipiki ya umeme, ambaye hanunui hata lita moja.